Tangi la Ardhini la Lita 10,000: Shimo la Ukubwa Gani, Zege Kiasi Gani?

Mji wa Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, lakini kaya nyingi za Rungwe hupungukiwa maji miezi ya kiangazi. Ndiyo maana baadhi ya wananchi huchimba tangi la zege ardhini ili kuhifadhi maji ya paa. Migogoro kati ya mwenye nyumba na fundi katika kazi hii mara nyingi huanzia kwenye vipimo. Mwenye nyumba huagiza tangi la mita za ujazo 10, kisha hushangaa kuletewa hesabu ya uchimbaji wa mita za ujazo 34. Makala hii inaeleza kwa nini hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi, na namna ya kuihakiki.

1. Ujazo wa maji

Tuchukue kaya ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 25 kwa siku. Kaya hiyo hutumia lita 150 kwa siku, na kwa siku 60 zisizo na mvua itahitaji lita 9,000. Tukiongeza akiba kwa ajili ya maji ya chini kabisa yasiyochoteka, tunapata lita 10,000, yaani mita za ujazo 10.

Tangi lenye urefu wa mita 2.5, upana wa mita 2.0 na kina cha maji cha mita 2.0, vyote vikipimwa ndani, linatosha kwa kiasi hicho. Juu ya maji huachwa nafasi ya sentimita 20 kwa ajili ya bomba la kumwagia maji ya ziada. Hivyo ukuta utakuwa na kimo cha mita 2.2.

2. Ukubwa wa shimo

Shimo halipimwi kwa vipimo vya ndani. Katika mfano wetu ukuta una unene wa sentimita 20, kwa hiyo tangi kwa nje litakuwa mita 2.9 kwa 2.4. Zaidi ya hapo, fundi anahitaji nafasi ya sentimita 60 kila upande ili afunge na kufungua mbao za kushikilia zege. Sakafu ya shimo, kwa hiyo, itakuwa mita 4.1 kwa 3.6.

Kina nacho hujumlishwa tabaka kwa tabaka: zege jembamba la kusawazisha sentimita 5, sakafu sentimita 20, ukuta sentimita 220 na mfuniko sentimita 15. Jumla ni mita 2.6. Kwa kuwa mfuniko unapaswa kuinuka sentimita 30 juu ya ardhi ili maji machafu ya juu yasiingie, shimo litachimbwa mita 2.3. Tukizidisha 4.1 × 3.6 × 2.3 tunapata takriban mita za ujazo 34.

Fundi anayetaja mita za ujazo 16 huwa ameondoa nafasi ya kufanyia kazi, akikusudia kumwaga zege likiegemea udongo. Bei yake itavutia, lakini udongo huchanganyika na zege, unene wa ukuta hautabiriki, na upande wa nje hauwezi kukaguliwa wala kuzibwa.

Kwa upande mwingine, anayetaja mita za ujazo 58 si lazima awe mdanganyifu. Udongo wa Rungwe una matabaka ya majivu na mawe mepesi ya volkano, ambayo huporomoka ghafla, hasa yakilowa. Shimo la mita 2.3 lenye kingo zilizosimama wima ni hatari kwa wachimbaji. Ama kingo ziwekewe mihimili ya mbao, ama zilazwe. Zikilazwa nusu mita kwa kila mita moja ya kina, ujazo hufika takriban 58. Mwulize fundi ni njia ipi ameihesabu, na jibu liandikwe katika mkataba.

3. Ujazo wa zege la ukuta

Njia ya uhakika ni kutoa eneo la ndani katika eneo la nje, kisha kuzidisha kwa kimo. Eneo la nje ni 2.9 × 2.4, yaani mita za mraba 6.96. Eneo la ndani ni 2.5 × 2.0, yaani 5.00. Tofauti ni 1.96, ikizidishwa kwa 2.2 tunapata mita za ujazo 4.31.

Kosa la kawaida ni kuzungusha futi kamba kwa nje, kisha kuzidisha mzunguko huo kwa unene na kimo. Hesabu hiyo hutoa 4.66, kwa sababu kila kona imehesabiwa mara mbili. Ukipima mzunguko wa ndani utapata 3.96, kwa sababu kona zimesahauliwa. Kona nne zina zege la mita za ujazo 0.35.

Sakafu itachukua 1.39, na mfuniko, baada ya kutoa tundu la kuingilia la sentimita 60 kwa 60, utachukua 0.99. Jumla ni 6.69, ukiongeza asilimia 5 ya upotevu, agiza zege la mita za ujazo 7. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 1.5 na kokoto 3, kila mita ya ujazo huhitaji takriban mifuko 8 ya kilo 50, hivyo jumla ni mifuko 56. Zege la kusawazisha huhesabiwa kando.

4. Kwa nini ukuta usipunguzwe unene

Huenda ukashauriwa kutumia ukuta wa sentimita 15 ili kuokoa saruji. Kabla ya kukubali, fikiria tangi likiwa tupu wakati wa mvua kubwa, ardhi ikiwa imejaa maji hadi juu. Maji hayo hulisukuma tangi kwenda juu kama mtumbwi. Tangi letu lina uzito wa tani 16.1, na msukumo wa maji ni takriban tani 15.7. Kwa ukuta wa sentimita 15, uzito hushuka hadi tani 12.9, ilhali msukumo unabaki tani 14.5. Tangi laweza kuinuka, kupasuka na kukata mabomba. Msuguano wa udongo husaidia, lakini usitegemewe peke yake.

Hata ukuta wa sentimita 20 una ziada ndogo. Penye maji ya juu ardhini, sakafu hutandazwa kupita ukuta ili udongo wa kujazia uigandamize, na tangi haliachwi tupu wakati wa masika. Usanifu wa nondo na sakafu hiyo ufanywe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

5. Hakiki kabla ya kulipa

Pima shimo kwenye sakafu yake, si mdomoni. Kabla zege halijamwagwa, pima nafasi kati ya mbao za ndani na za nje, juu, katikati na chini: iwe sentimita 20 kila mahali. Mwisho, hesabu mifuko mitupu ya saruji. Ikiwa kazi imekamilika kwa mifuko 44 au pungufu, ama mchanganyiko umepunguzwa hadi 1:2:4, ama kuta ni nyembamba kuliko mlivyokubaliana. Usilipe malipo ya mwisho kabla ya kupata maelezo, na kabla tangi halijajazwa maji na kuangaliwa kwa siku saba kama kina kinashuka.