Aliyetuhumiwa si "mchawi": lugha ya waraka wa sera

Muhula huu katika somo la mantiki tulipewa sentensi moja tuichambue, mfano wa zile zinazoandikwa katika rasimu za sera: "Serikali ikomeshe imani potofu zinazosababisha wachawi vikongwe kuuawa." Mwandishi alitaka kuwatetea bibi zetu. Lakini kwa kuandika "wachawi" amekwisha kuwahukumu, kwa sababu neno hilo linachukulia kuwa jambo limethibitishwa, na msomaji hulipokea bila kuona kwamba lilihitaji ushahidi.

Azimio namba 47/8 la Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, la Julai 2021, linakwepa mtego huo. Linazungumzia vitendo vyenye madhara vinavyohusiana na tuhuma za uchawi. Kinachokatazwa ni kitendo. Mtu anaweza kuamini kwamba uchawi upo asimguse jirani yake, na Katekisimu yetu (namba 2117), inayokataza vikali matendo ya kichawi, haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumpiga bibi kizee. Waraka unaopigana na imani yenyewe huishia kubishana na wanakijiji, na kumwacha aliyepiga ramli akataja jina.

Ndiyo maana hatua za kati ziandikwe. Usukumani, kwa mfano, mtoto anaugua, familia inakwenda kwa mganga, anataja mwanamke mzee. Macho yake mekundu, kwa moshi wa miaka mingi jikoni, yanachukuliwa kuwa dalili. Pengine pana shamba linalogombewa. Kila hatua ina mtendaji, na sera inaweza kumfikia. "Imani potofu" haina mtendaji.

Kwa watoto neno la hatari zaidi ni "alikiri". Kinshasa, watoto wengi waliotuhumiwa ni yatima au wanaoishi na mama wa kambo, na baadhi wamefungiwa katika nyumba za maombi na kunyimwa chakula mpaka waseme ndiyo. Aandikwe hivyo hivyo: "alisema ndiyo baada ya kunyimwa chakula." Sheria ya Kongo ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Hakimu haamui kama uchawi upo. Anauliza kama tuhuma ilitolewa, na nani.

Sentensi yetu tuliiandika upya hivi: "Serikali iwachukulie hatua wanaowatuhumu wazee uchawi, wanaopiga ramli na kuwataja, na wanaowadhuru." Mwenzangu alipendekeza "watuhumiwa wa uchawi". Tulikataa, maana masikioni mwetu mtuhumiwa ni mtu wa polisi. Nilipenda "waliosingiziwa", ila mwalimu alikumbusha kwamba neno hilo nalo linatoa hukumu, hata kama ni hukumu ninayoikubali. Tukabaki na "waliotuhumiwa".