Tasnifu ya Megabaiti 212: Mafunzo Niliyopata Usiku Mmoja Kibokoni

Naendesha duka dogo la fotokopi na uchapishaji katika Mji wa Kale wa Mombasa, karibu na Ndia Kuu. Usiku mmoja, baada ya swala ya isha, binti wa ndugu yangu alikuja nyumbani Kibokoni na kompyuta yake kwapani. Tasnifu yake ilihusu barua za kale za biashara, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Chuo kilitaka faili moja la PDF lisilozidi megabaiti 20, nalo lifike kabla ya saa sita za usiku. Lake lilikuwa na kurasa 184 na uzito wa megabaiti 212, kwa sababu duka fulani mjini lilikuwa limeskani tasnifu nzima iliyofungwa kitabu, jalada hadi jalada, kwa rangi.

"Ami, mtandao wanikatalia," alisema.

1. Jua kwanza ni nani anayekataa

Mtandao ukiwa ndio tatizo, upakiaji hukwama mahali tofauti kila ukijaribu: mara asilimia 30, mara 70. Seva ikiwa ndiyo inayokataa, jibu ni lile lile kila mara, na pengine huja na maneno haya:

```
413 Request Entity Too Large
```

Yeye aliyaona maneno hayo hayo kila alipojaribu. Kikomo hicho huwekwa na msimamizi wa seva, na hakuna kasi ya mtandao inayokiondoa. Nilimwambia aache kununua bando.

Alikuwa pia amelibana faili kwa zip, likabaki karibu vile vile. Ndivyo inavyokuwa, kwani picha zilizo ndani ya PDF ya skani kwa kawaida ni JPEG, na JPEG imeshabanwa tayari.

2. Piga hesabu ya ukurasa mmoja

Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa vitone 300 kwa inchi inatoa picha ya vitone 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa rangi, kila kitone kinachukua baiti tatu, kwa hiyo ukurasa mmoja mbichi ni megabaiti 26 hivi. JPEG huushusha hadi megabaiti moja na kitu. Zidisha kwa 184, utaiona 212 inakuja yenyewe. Faili halikuwa na hitilafu yoyote. Lilikuwa albamu ya picha 184, hata pale penye maandishi matupu.

Kuna njia nyepesi ya kujua: fungua PDF, bonyeza Ctrl+F, utafute neno unaloliona mbele yako. Lisipopatikana, unatazama picha ya maandishi.

3. Kila upunguzaji unatupa kitu. Tafuta ni kipi

Nilianza na Ghostscript, programu ya bure ninayoitumia dukani:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf tasnifu.pdf
```

Chaguo la `/ebook` hushusha picha hadi vitone 150 kwa inchi. Tulipata megabaiti 31, bado nyingi. Nikaweka `/screen`, yaani vitone 72, likashuka hadi megabaiti 9. Binti akaruka kwa furaha, mkono tayari uko kwenye kitufe cha kutuma.

Nikamwomba afungue kiambatisho cha barua akikuze hadi asilimia 400.

Katika hati ya Kiarabu, ba ina nukta moja chini, ta ina mbili juu, tha ina tatu juu. Umbo la herufi ni moja, nukta ndizo zinazotenganisha. Waandishi wetu wa zamani waliongeza nyingine ili kupata sauti za Kiswahili, kama pe yenye nukta tatu chini. Sasa chukua nukta ya kalamu yenye upana wa nusu milimita. Kwa vitone 300 kwa inchi inapata vitone sita upande hadi upande, nayo inaonekana vizuri. Kwa 150 inapata vitatu. Kwa 72 inabaki na kimoja na nusu, kisha JPEG inaichanganya na madoa ya karatasi kuukuu. Tulitazama mstari mmoja pamoja. Palipokuwa na nukta mbili palikuwa na ukungu, na msomaji asiyeijua barua ile angeweza kusoma ta au tha apendavyo. Hoja nzima ya sura yake ya nne ilisimama juu ya usomaji wa herufi hizo. Faili lingepokewa, na ushahidi ungekuwa umefutika.

4. Jihadhari na nyeusi na nyeupe

Aliuliza kama tungeweza kuskani upya kwa nyeusi na nyeupe tupu. Kwa maandishi ya chapa ni njia nzuri sana. Ukurasa hushuka hadi kilobaiti makumi tu. Kwa barua za kale haifai, kwa sababu wino uliofifia huhesabiwa kuwa karatasi na doa huhesabiwa kuwa wino.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika skani, 6 ikawa 8. Ubanaji wa JBIG2 ulikuwa ukitafuta alama zinazofanana na kuweka moja mahali pa nyingine. Ukungu angalau hukuonya. Tarakimu safi iliyo ya uongo haimwonyi mtu, na barua za biashara zimejaa hesabu.

5. Skani kile tu kisichopatikana kwa njia nyingine

Nilimuuliza kwa nini aliskani kitabu kizima. Alidhani saini ya msimamizi lazima itoke pamoja na kitabu. Saini iko kwenye ukurasa mmoja, wa pili. Maandishi yenyewe alikuwa nayo katika Word, kurasa 162, na tulipoyahifadhi moja kwa moja kama PDF yakawa megabaiti 3.4, herufi kali hata ukizikuza vipi.

Hapa tulikaa muda mrefu kuliko popote. Toleo la Word lazima liwe lile lile lililotiwa saini, kwa hiyo tuliweka kitabu kilichofungwa mezani, tukalinganisha neno la kwanza na la mwisho la kila ukurasa, yeye akisoma na mimi nikifuata. Kisha tukatoa ukurasa wa saini na kurasa 22 za barua kutoka skani ya kwanza. Kwenye barua tukabakisha rangi na vitone 300, tukapunguza ubora wa JPEG kidogo kidogo huku tukizitazama nukta. Zilifika megabaiti 11. Tukaunganisha:

```
qpdf --empty --pages word.pdf 1 saini.pdf 1 word.pdf 3-z barua.pdf 1-z -- tasnifu_mpya.pdf
```

Kurasa 184, megabaiti 14.7.

6. Shusha ulichokipakia

Saa tano na nusu seva ilikubali. Nilimwambia asifunge kompyuta, alishushe faili kutoka kwenye tovuti ya chuo alifungue upya, kwani upakiaji uliokatika huweza kuacha faili pungufu lenye jina zima. Akahesabu kurasa, akatafuta neno kwa Ctrl+F likapatikana, akaenda kwenye barua na kukuza mstari ule ule. Faili la megabaiti 212 tulilinakili kwenye diski mbili, moja ikabaki kwangu.