Dawa ya Nne ya Presha: Kwa Nini Damu Hupimwa Kabla ya Kidonge cha Kwanza na Tena Baada ya Wiki Moja

Baadhi ya wakazi wa Kaunti ya Kilifi wanaotibiwa shinikizo la damu hutumia dawa tatu kila siku, lakini presha yao haishuki chini ya 140/90. Daktari akishahakikisha kwamba dawa zinamezwa ipasavyo, dozi zimefikishwa kiwango chake na kipimo cha presha kilichukuliwa mgonjwa akiwa ametulia, hali hiyo huitwa presha sugu. Dawa ya nne inayoongezwa mara nyingi ni spironolaktoni, kidonge kimoja cha miligramu 25 kwa siku, au nusu yake.

Sababu ya kuchagua dawa hii inajulikana. Mwaka 2015, utafiti wa Uingereza uliopewa jina PATHWAY-2 uliilinganisha na dawa nyingine mbili kwa wagonjwa ambao tayari walikuwa wakitumia dawa tatu. Spironolaktoni ndiyo iliyoshusha presha zaidi. Hata hivyo, dawa hiyo huja na sharti moja: damu lazima ipimwe.

Dawa inavyofanya kazi

Mwili una homoni iitwayo aldosteroni. Homoni hii huziamuru figo zibakize chumvi mwilini, na badala yake zitoe potasiamu kwenye mkojo. Chumvi ikibaki, maji nayo hubaki, na presha hupanda. Spironolaktoni huizuia homoni hiyo. Chumvi na maji ya ziada hutoka na presha hushuka, lakini potasiamu iliyokuwa ikitolewa sasa hubaki kwenye damu.

Potasiamu ndiyo inayosaidia misuli na moyo kufanya kazi. Kwa kawaida, kiwango chake kwenye damu ni kati ya 3.5 na 5.0, kikihesabiwa kwa milimoli kwa lita. Kikifika 6 na zaidi, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, na moyo unaweza kusimama. Mara nyingi hakuna dalili inayotangulia. Wengine huhisi miguu mizito, uchovu wa misuli au mapigo yanayoruka, lakini wengi hawahisi chochote. Ndiyo maana mtu hawezi kujua potasiamu yake kwa jinsi anavyojisikia.

Hatari hii ilionekana wazi katika jimbo la Ontario, Kanada. Mwaka 1999, utafiti mmoja ulionyesha kwamba spironolaktoni huokoa maisha ya watu wenye moyo dhaifu, na madaktari wakaanza kuiandika kwa wingi. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2004 zilionyesha kwamba, miongoni mwa wazee wenye moyo dhaifu waliokuwa wakitumia dawa za kundi la enalapril, waliolazwa kwa sababu ya potasiamu kupanda waliongezeka kutoka 2.4 kwa kila wagonjwa 1,000 mwaka 1994 hadi 11 kwa kila 1,000 mwaka 2001. Dawa ilikuwa ile ile iliyookoa maisha. Matumizi yake yalikuwa yamefika kwa watu wengi zaidi ya wale waliochaguliwa na kufuatiliwa kwa karibu katika utafiti.

Kipimo na ratiba yake

Kipimo kinachotakiwa ni cha figo na chumvi za damu, ambacho kwenye fomu nyingi za maabara huandikwa UEC. Mgonjwa atazame mistari miwili. Wa kwanza ni potasiamu, unaoandikwa K. Wa pili ni kreatinini, taka ambayo figo huiondoa. Ikipanda, figo zimepunguza kasi. Kutokana na kreatinini, umri na jinsia hukokotolewa namba iitwayo eGFR, inayokadiria uwezo wa figo kuchuja damu. Ikiwa chini ya 30, au potasiamu ikiwa tayari zaidi ya 5.0, kwa kawaida spironolaktoni haianzishwi.

Damu hupimwa kabla ya kuanza, kisha baada ya wiki 1 na wiki 4. Baada ya hapo hupimwa kila miezi michache, na tena kila dozi inapobadilishwa au mgonjwa anapougua.

Mfano wa mgonjwa

Tuchukue mfano wa kubuni: mama wa miaka 58 anayeishi Malindi. Anatumia amlodipini, losatani na haidroklorothiazidi, na presha yake ni 164/98. Kabla ya kuanza spironolaktoni, potasiamu yake ni 4.2 na eGFR ni 66. Anaanza miligramu 25 kwa siku. Baada ya wiki 1 potasiamu ni 4.7, eGFR ni 61. Figo zimeshuka kidogo, jambo linalotarajiwa presha inaposhuka, na daktari anaendelea.

Baada ya wiki 4 presha ni 138/84, lakini potasiamu imefika 5.8 na eGFR imeshuka hadi 40. Daktari anapomuuliza, inabainika kwamba goti lilikuwa likimuuma, akanunua diklofenaki dukani na kuimeza kwa siku 10. Tena, kwa sababu ya joto, alikuwa akinywa madafu mawili kila siku.

Mambo matatu yamekutana. Losatani peke yake hupandisha potasiamu kidogo, na spironolaktoni huongeza. Diklofenaki, kama ibuprofeni, hupunguza damu inayofika kwenye figo, hivyo potasiamu haitoki. Juu ya hayo, dafu moja linaweza kuwa na potasiamu zaidi ya ile ya ndizi nzima.

Kinachofanyika ni hiki. Anapigwa kipimo cha umeme wa moyo siku hiyo hiyo, nacho hakina kasoro. Diklofenaki na madafu vinasimamishwa, na spironolaktoni inaachwa kwa muda. Damu inarudiwa baada ya siku 3: potasiamu ni 4.8. Anarudishwa kwenye nusu kidonge, anapewa parasetamoli kwa ajili ya goti, na anapimwa tena baada ya wiki 1.

Wakati mwingine namba huwa juu kwa kosa la sampuli. Chembe za damu zikipasuka wakati wa kutolewa, au chupa ikikaa saa nyingi kabla ya kufika maabara, potasiamu iliyokuwa ndani ya chembe humwagika na kuongeza kipimo. Kwa hiyo daktari anaweza kuomba damu itolewe tena, lakini mgonjwa asidhani mwenyewe kwamba ni kosa.

Mambo ya kuzingatia nyumbani

Mgonjwa anayetumia spironolaktoni ataje jina la dawa hiyo kila anapokwenda duka la dawa au zahanati. Antibayotiki ya Septrini nayo huzuia potasiamu kutoka, na kuichanganya na spironolaktoni kumewahi kulaza wazee wengi. Chumvi mbadala ya kupunguza sodiamu mara nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, hivyo haifai.

Akipatwa na kuhara au kutapika, maji mwilini hupungua na figo hulegea. Asimamishe spironolaktoni na losatani hadi awasiliane na kliniki yake, ambayo itamwambia lini aendelee. Amlodipini asiiache kwa hiari yake.

Mwanaume akiona titi limevimba au linauma, amjulishe daktari. Ni athari inayojulikana ya dawa hii, na ipo nyingine ya kubadilisha.

Kabla ya kuondoka kliniki na kidonge cha nne, mgonjwa aulize maswali mawili: potasiamu yangu leo ni ngapi, na nirudi tarehe ngapi kupimwa? Namba na tarehe hizo ziandikwe kwenye kadi ya kliniki.