Majibu ya Maabara Yakiingia Kwenye Simu kwa Kiingereza

Hapa Marekani majibu ya vipimo mara nyingi hufika kwenye simu yako kabla daktari hajayaangalia. Tangu Aprili 2021, kanuni za serikali zinazitaka hospitali zisiyazuie bila sababu ya msingi. Ndiyo maana alama nyekundu inaweza kukukuta saa nne usiku, wakati hakuna wa kumuuliza.

Kwanza hakikisha jina ni lako na tarehe ni ya siku uliyotolewa damu. Kisha soma mstari mmoja mmoja, kwa mfano huu:

```
Potassium   5.3   H   3.5 - 5.1   mmol/L
```

5.3 ni kiasi cha potasiamu kilichopimwa kwenye damu yako. 3.5 hadi 5.1, chini ya neno `Reference Range` au `Standard Range`, ni kiwango cha kawaida cha maabara hiyo. Maabara nyingine inaweza kuweka tofauti kidogo. `H` inasema tu kwamba 5.3 imepita 5.1. `L` ingesema imepungua. `A` au `Abnormal` ni jibu lililo nje ya kawaida. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo jina la ugonjwa.

Kiwango hicho kwa kawaida hutokana na kupima watu wenye afya, kisha kuchukua asilimia 95 walio katikati. Maana yake, watu 5 hivi kati ya 100 wasioumwa hupata alama. Ukipimwa vitu ishirini, `H` moja si ajabu.

Sasa shuka chini ya mstari, utafute `Comment`. Watu wengi hawafiki hapo. Ukikuta `Specimen hemolyzed`, chembe nyekundu zilipasuka wakati wa kutoa au kusafirisha damu, na potasiamu iliyokuwa ndani yake ikamwagika. Nambari hupanda hata kama mwilini haijapanda, na huenda daktari akataka kipimo kirudiwe. Lakini potasiamu ikiwa juu kweli huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo usipuuze, wala usiache dawa kwa uamuzi wako.

Angalia pia kizio cha kipimo. Ukimsomea ndugu aliye Dar es Salaam kwamba sukari yako ni 90, atashtuka, kwa kuwa amezoea `mmol/L`. Simu yako inaandika `mg/dL`. Gawanya kwa 18, unapata 5.0.

Ukiona `HH`, `LL` au `Critical`, piga simu kliniki saa hiyohiyo, hata usiku. Ukiwa na maumivu ya kifua, kuzimia au kuishiwa pumzi, piga 911. Kwa mengine, subiri kliniki ifunguliwe, piga na useme: `Swahili interpreter, please`. Mkalimani ni bure. Usimpe mtoto kazi hiyo.