Bidhaa Isiyokuwa Dukani: Dai Tarehe Kabla ya Kutoa Fedha

Mlaji hulipia bidhaa ambayo haipo dukani katika hali mbili. Ya kwanza ni agizo la awali, ambapo bidhaa haijawahi kufika na muuzaji hukusanya fedha za wateja kabla ya kuiagiza. Ya pili ni agizo la kungojea, ambapo bidhaa ilikuwepo, ikaisha, na muuzaji huendelea kupokea malipo kwa ahadi ya mzigo ujao. Biashara zote mbili ni halali. Malalamiko huanza pale mlaji anapotoa fedha bila kupewa tarehe, au anapopewa tarehe ambayo hakuuliza imehesabiwaje.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Morogoro anayehitaji cherehani ya ovaloki. Shule hufunguliwa Januari, na sare hushonwa zaidi Novemba na Desemba. Kwake, cherehani itakayofika baada ya katikati ya Novemba ni hasara ya msimu mzima. Tarehe 1 Septemba muuzaji wa Kariakoo anamwambia kuwa bei ni shilingi 1,500,000, malipo ya awali ni shilingi 900,000, na kwamba "mzigo uko njiani, ni wiki tano tu".

Maneno "uko njiani" hayatoshi. Bidhaa inayotoka China kwa meli hupitia hatua kadhaa. Hutengenezwa au hununuliwa kiwandani, hupelekwa katika ghala la mkusanyiko, husubiri kontena lijae, husafiri baharini, kisha hushushwa bandarini na kukamilishiwa taratibu za forodha. Muuzaji anaweza kutumia maneno hayo hayo katika kila hatua. Fundi wetu anapouliza, anaambiwa kwamba kiwanda kitachukua siku 10, kujaza kontena siku 14, safari ya meli siku 30, na bandari pamoja na forodha siku 10. Jumla ni siku 64, yaani mpaka tarehe 4 Novemba. Wiki tano alizotajiwa ni siku 35, nazo zingeishia tarehe 6 Oktoba. Muuzaji alihesabu safari ya meli na siku chache tu, akaacha yaliyotangulia. Huenda hakukusudia kudanganya, lakini mlaji angepanga kazi yake juu ya hesabu pungufu. Tena ikiwa agizo linaangukia Januari au Februari, ni vyema kuuliza kuhusu Mwaka Mpya wa Kichina, kwa kuwa viwanda vingi hufungwa wakati huo.

Muuzaji anaposema kwamba kontena limekwisha kupakiwa, omba namba yake. Namba ya kontena huwa na herufi nne zikifuatiwa na tarakimu saba, na kwa kawaida safari yake huweza kufuatiliwa katika tovuti ya kampuni ya meli. Hata hivyo, namba hiyo inathibitisha kuwa kontena linasafiri, haithibitishi kuwa bidhaa yako imo ndani. Kwa mizigo iliyochanganywa ya watu wengi, omba pia kuonyeshwa mstari wa bidhaa yako katika orodha ya mizigo iliyopakiwa.

Katika agizo la kungojea, swali muhimu ni la foleni. Muuliza "zitafika lini?" anapaswa kuongeza "zinakuja ngapi, na waliolipa kabla yangu ni wangapi?" Ikiwa zinakuja cherehani 40 na waliokwisha kulipa ni 46, mteja wa 47 hataipata katika mzigo huo hata meli ikifika siku ileile iliyotajwa. Tarehe yake ya kweli ni ya mzigo unaofuata, na pengine mzigo huo haujaagizwa.

Majibu haya yaandikwe katika stakabadhi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba muuzaji anayewajibika kupeleka bidhaa, pasipo muda uliopangwa, anapaswa kuipeleka katika muda unaofaa. Muda unaofaa hutegemea mazingira ya kila shauri, na pande mbili zinaweza kubishana juu yake kwa miezi. Tarehe iliyoandikwa hupunguza ubishi huo. Kwa majirani zetu wa Kenya, Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 inampa mnunuzi, katika mikataba inayohusika, haki ya kuvunja mkataba ikiwa bidhaa haijaletwa siku 30 baada ya tarehe iliyoandikwa. Hapa kwetu, njia ya salama ni mlaji kujiandikia sharti la namna hiyo. Stakabadhi ya fundi wetu iseme: "Cherehani itakabidhiwa ifikapo tarehe 4 Novemba. Isipokabidhiwa ifikapo tarehe 15 Novemba, mnunuzi anaweza kuvunja mkataba na kurejeshewa shilingi 900,000 zote ndani ya siku saba." Sharti la kurejesha fedha litajwe waziwazi, kwa sababu wapo wauzaji wanaoyaita malipo yoyote ya awali arbuni isiyorudishwa. Fedha zilipwe kwa lipa namba yenye jina la biashara lililo kwenye stakabadhi, si kwa namba binafsi ya mtu mwingine.

Kuchelewa kunaweza kutokea hata kwa muuzaji mwaminifu, na hapo ndipo uaminifu wake hupimwa. Taarifa ya kuchelewa iliyo kamili ina mambo matatu: mzigo umefika hatua gani, tarehe mpya ni ipi, na mteja ana hiari ya kungoja au kurudishiwa fedha. Ujumbe wa "tuvumiliane kidogo" hauna hata moja kati ya hayo. Kadhalika, kimya cha mteja kisichukuliwe kuwa ni kukubali tarehe mpya. Ukipokea taarifa pungufu, jibu siku hiyohiyo kwa maandishi.

Tuseme meli ya fundi wetu ilichelewa kuondoka. Tarehe 20 Oktoba anaandika: "Naomba kujua kontena lilipakiwa lini na tarehe mpya ya kukabidhiwa. Nakumbusha kwamba baada ya tarehe 15 Novemba nitadai fedha zangu." Anajibiwa kuwa kontena liliondoka tarehe 28 Septemba, na anapewa namba yake. Siku 30 za safari zinaishia tarehe 28 Oktoba, na siku 10 za bandari na forodha zinafikia tarehe 7 Novemba. Amecheleweshwa siku tatu, lakini bado yumo ndani ya msimu. Anaamua kungoja kwa hiari yake, akijua anachokingojea. Kama jibu lingekuwa kwamba kontena halijajaa, safari na bandari peke yake zingehitaji siku 40, yaani mpaka mwisho wa Novemba. Asingekuwa na haja ya kungoja tarehe 15 ipite. Angemwandikia muuzaji mapema kuomba fedha zake kwa makubaliano, ili atafute cherehani iliyopo dukani.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha walaji. Muuzaji aliyedai mzigo uko baharini ilhali haujanunuliwa, au anayeendelea kupokea malipo akijua hana bidhaa za kutosha, anaweza kulalamikiwa kwetu. Leta stakabadhi, uthibitisho wa malipo na jumbe zote mlizoandikiana, zikiwa na tarehe zake. Mlaji aliyepewa ahadi kwa mdomo tu hatumfungii mlango, ila shauri lake huwa gumu zaidi kulithibitisha.