Blenda Iliyorudishwa: Jinsi ya Kuandika Lebo na Kupanga Bei ya Haki

Katika maduka ya Thika na Ruiru, bidhaa zilizopunguzwa bei huwa na maandishi mafupi tu: “Ofa”, au “Kama mpya”. Maneno hayo hayamwambii mnunuzi chochote. Akifika nyumbani na kukuta sehemu moja haipo, anaona amedanganywa, hata kama bei ilikuwa nafuu kweli.

Punguzo huonekana la haki pale mnunuzi anapoona kila shilingi iliyopunguzwa imetokana na kasoro gani. Somo hili linaonyesha jinsi ya kufanya hivyo.

Tenganisha aina tatu

Bidhaa ya kwanza ni ile ambayo boksi limeraruka au kulowa lakini haijawahi kufunguliwa. Ya pili imefunguliwa, pengine kwa maonyesho dukani, ila haijatumika. Ya tatu ilinunuliwa, ikatumika, kisha ikarudishwa. Usiziweke pamoja kwenye rafu moja yenye lebo moja, kwa sababu hatari anayobeba mnunuzi si sawa. Iliyorudishwa isiitwe mpya hata ikiwa inang’aa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ni mpya ilhali si mpya.

Mfano: blenda

Tuseme duka lililoko Makongeni limerudishiwa blenda ya lita 1.5. Kabla ya kuandika lolote, muuzaji aulize ilirudishwa kwa nini, kisha aijaribu. Atie maji hadi nusu ya jagi na kuiwasha kwa kila kasi kwa muda mfupi. Anusie kama kuna harufu ya kuungua kwenye mota, na atazame chini ya jagi kama maji yanavuja kwenye mpira wa kuziba. Kisha ahesabu sehemu zote akilinganisha na orodha iliyo kwenye kijitabu cha maelezo. Mota ikinuka au waya ukiwa umechubuka, blenda hiyo iende kwa fundi kwanza. Punguzo haliwezi kufidia hatari ya kupigwa na umeme.

Hii imepita, lakini kikombe kidogo cha kusagia viungo hakipo, kitako kina mkwaruzo, na boksi limeraruka. Bei yake ikiwa mpya dukani humo ni shilingi 4,800. Muuzaji apange hesabu hivi:

- Kikombe kisichokuwepo, kwa bei ya kukinunua kingine: 900
- Mkwaruzo na boksi: 300
- Waranti kupungua kutoka miezi 12 hadi 3: 600

Jumla ni 1,800, na bei inakuwa 3,000. Kiasi cha kikombe kinaweza kuthibitishwa na yeyote anayeuza vipuri. Hicho cha mkwaruzo na cha waranti ni makadirio, ndiyo maana yawekwe wazi ili mnunuzi aweze kuyajadili.

Anzia bei ambayo bidhaa mpya inauzwa kweli wiki hiyo. Ukipandisha hadi 6,000 ili punguzo lionekane kubwa, mteja atakayeuliza duka la pili atakugundua, na hataamini lebo zako nyingine.

Lebo yenyewe

Iandikwe hivi na kubandikwa kwenye blenda, si kwenye boksi pekee:

*Blenda lita 1.5. Ilirudishwa na mteja baada ya kutumika wiki mbili. Alitaka kubwa zaidi. Imejaribiwa, inafanya kazi kwa kasi zote. Haina kikombe cha viungo. Mkwaruzo wa sentimita 3 upande wa nyuma wa kitako. Boksi limeraruka. Waranti ya duka miezi 3. Mpya 4,800, hii 3,000.*

Ukiuza kwa simu, piga picha ya mkwaruzo wenyewe kwenye mwanga wa mchana, na uweke sarafu kando yake ili ukubwa uonekane. Usitumie picha ya kiwandani. Maneno ya lebo yaandikwe pia kwenye risiti.

Visivyofaa kupunguzwa bei

Mkebe wa chakula uliovimba, unaovuja au uliobonyea kwenye mshono uondolewe kwenye rafu. Vivyo hivyo maziwa ya watoto au dawa ambazo kifuniko kimefunguliwa.

Kwa mnunuzi

Kagua kabla ya kulipa, na uombe kifaa kiwashwe mbele yako. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ukikagua, ni vigumu baadaye kulalamikia kasoro ambayo ungeiona. Lakini kasoro iliyofichwa ni jambo jingine. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa taarifa unazohitaji. Tunza lebo na risiti, rudi kwanza kwa muuzaji, na asipokusikiliza, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.