Ua la Usambara lina majina mawili. Arifa yako inayajua yote?

Ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya ni mzaliwa wa Usambara. Mtawala wa Kijerumani wa huko, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Mkutubi anawajibu wanaolifuatilia.

Nimeweka arifa ya "Saintpaulia" kwenye Google Scholar. Mbona makala wanazosoma wenzangu hazinifikii?

Jina limebadilika. Mwaka 2015, Nishii na wenzake waliandika katika jarida la Taxon kwamba jenasi ya Saintpaulia iingizwe ndani ya Streptocarpus, na ua lenyewe sasa ni Streptocarpus ionanthus. Mwandishi wa leo anaweza asitaje jina la zamani hata mara moja, na arifa haitafuti zaidi ya ulichoiandikia. Futa ile ya zamani, kisha tafuta hivi:

```
(Saintpaulia OR Streptocarpus) (Usambara OR Tanzania)
```

Streptocarpus ni jenasi kubwa yenye spishi nyingi za kusini mwa Afrika, ndiyo maana majina ya mahali yamo. Matokeo yakitokea, bonyeza "Create alert" na uweke baruapepe yako.

Bado naletewa makala za kuotesha maua ya vyungu maabara. Niongeze `-"in vitro"`?

Hapo usiharakishe. Google Scholar husoma makala nzima, pamoja na orodha ya marejeo. Makala ya uhifadhi wa misitu ya Amani ikitaja maneno hayo mara moja tu, hata kwenye marejeo, itatupwa, nawe hutajua. Ni afadhali kuruka vichwa vichache visivyokuhusu. PubMed hukuruhusu kuondoa neno kwenye kichwa, muhtasari na maneno muhimu ya mwandishi pekee:

```
(Saintpaulia[tiab] OR Streptocarpus[tiab]) NOT "in vitro"[tiab]
```

Lakini PubMed imejikita kwenye tiba na baiolojia, hivyo makala nyingi za mimea hazimo. Isiwe tegemeo lako pekee.

Nitajuaje kwamba utafutaji wangu hauvuji?

Upime kabla ya kuuhifadhi. Chukua makala tatu unazozijua, moja ya kabla ya 2015 na mbili za baadaye, uone kama zote zinatokea. Ikikosekana hata moja, soma kichwa na muhtasari wake: imetumia jina gani la mmea, imetaja mahali gani? Pengine imeandika "East African" bila kutaja Tanzania. Neno hilo liongeze.

Kisha tega arifa ya pili. Itafute ile makala ya Nishii, bonyeza "Cited by", halafu "Create alert". Utaletewa kila makala mpya inayoirejelea, jina lolote litakalotumika. Isiyoirejelea itaipita arifa hii, kwa hiyo ile ya maneno iache iendelee.